Kutoka mawe ya hematiti hadi chuma: namna ya kupata tani zake hatua kwa hatua

Hapa Nkuhungu, jijini Dodoma, nafundisha tuisheni ya kemia nyakati za jioni. Kuna swali ambalo karibu kila kundi lililokaa barazani kwangu limeniuliza: "Mwalimu, hii asilimia ya tanuru nazidisha au nagawanya?" Anayeuliza huwa ameshazidisha, akafuta, akagawanya, akafuta tena, mpaka karatasi ya daftari imeanza kutoboka. Anazungumzia lile swali la hematiti: umepewa tani kadhaa za mawe, umeambiwa usafi wake ni asilimia fulani na ufanisi wa tanuru ni asilimia fulani, kisha unatakiwa utafute tungamo ya chuma kitakachopatikana. Nimeamua kuliandika lote mahali pamoja, ili anayekwama usiku akiwa peke yake apate pa kushika.

Ugumu wa swali hili hauko kwenye kuzidisha. Uko kwenye kujua kila asilimia ni asilimia ya kitu gani. Ukishalijua hilo, swali la "nazidisha au nagawanya" linajijibu lenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tungamo za atomu: Fe = 56, O = 16. Kwa kawaida mtihani unakupa. Zitumie zile ulizopewa, hata kama kitabu chako kina 55.85.
- Fomula ya hematiti: Fe₂O₃. Ishike kichwani.
- Vipimo: tani 1 ni kilo 1,000, na kilo 1 ni gramu 1,000.
- Kalamu na karatasi safi. Kikokotoo kinasaidia, lakini si lazima.

Fikiria mashine ya alizeti kwanza

Nadharia nitaifanya fupi, na nitaianzia kwenye kitu ambacho sisi wa kanda ya kati tunakijua. Unapeleka gunia la alizeti mashineni. Ndani ya gunia kuna mbegu, lakini kuna pia mawe, vumbi na mapepe. Hilo ni punguzo la kwanza. Mbegu yenyewe, hata ikiwa safi kabisa, si mafuta matupu. Ina ganda na nyama ya mbegu, na mafuta ni sehemu yake tu. Hilo ni punguzo la pili. Tena mashine haikamui mafuta yote. Chukua mashudu uyaminye kwa vidole, utaona vidole vinang'aa. Mafuta yaliyobaki humo ndiyo punguzo la tatu.

Chuma kinapita njia hiyo hiyo. Mbale, yaani mawe yenye madini kama yanavyotoka mgodini, ndiyo gunia lako. Ndani yake kuna hematiti pamoja na mchanga, udongo na mawe mengine, na usafi unakuambia hematiti ni kiasi gani katika mbale. Hematiti nayo ina chuma na oksijeni, na fomula inakuambia chuma ni kiasi gani katika hematiti. Mwisho, tanuru halitoi chuma chote. Kingine hubaki kwenye mavi ya chuma, ile takataka nyeusi inayoganda baada ya kuyeyuka, na kingine hutoka na vumbi juu ya tanuru. Ufanisi unakuambia ni kiasi gani cha chuma kilichokuwamo kimepatikana kweli.

Ukitaka kuona ufanisi mdogo kwa macho, mfano uko hapa mkoani kwetu. Kwenye vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, kuna mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa wazee wetu. Tanuru la udongo na makaa ya miti halikufikia joto la kukifanya chuma kitiririke kama maji. Chuma kilitoka kama bonge lenye matundu, na sehemu kubwa ya oksidi ya chuma ilishikamana na mchanga ikawa mavi ya chuma. Ndiyo maana mavi ya chuma ya namna ile, ukiyashika, ni mazito mkononi kuliko jiwe la kawaida la ukubwa huo. Uzito ule ni chuma ambacho tanuru lilishindwa kukitoa. Matanuru makubwa ya siku hizi hupoteza kidogo sana.

Swali tutakalolifanya

Tanuru limepakiwa tani 25 za mbale ya hematiti yenye usafi wa asilimia 84. Ufanisi wa tanuru ni asilimia 90. Tafuta tungamo ya chuma kitakachopatikana. (Fe = 56, O = 16)

Hatua

1. Andika kila asilimia pamoja na neno "ya".

Kabla ya kugusa hesabu, chora mistari miwili:

84% ya mbale ni Fe₂O₃.
90% ya chuma kilichomo ndicho kitakachopatikana.

Hatua hii haina alama kwenye mtihani, na wanafunzi wengi huiruka kwa sababu hiyo. Mimi siruhusu mtu airuke, kwa kuwa makosa mengi ninayoyasahihisha huanzia hapa. Swali linaweza kusema "yenye uchafu wa asilimia 16" badala ya "usafi wa asilimia 84". Usipoandika "ya" nini, utaichukua ile 16 na kuendelea nayo mpaka mwisho bila kushtuka.

2. Toa uchafu, ubaki na hematiti.

25 × 84/100 = tani 21 za Fe₂O₃.

Zile tani 4 zilizobaki ni mchanga na udongo. Hazina kazi tena kwenye hesabu yako, usizirudie.

3. Andika mlinganyo na uusawazishe.

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Kinachonyang'anya hematiti oksijeni yake ni gesi ya kaboni monoksidi, inayotokana na makaa ya koki yaliyochomwa chini ya tanuru. Kwa hesabu yetu unahitaji ncha mbili tu za mlinganyo: moli 1 ya Fe₂O₃ inatoa moli 2 za Fe. Izungushie duara ile 2.

Swali linaweza kukutajia pia tani za koki na za mawe ya chokaa. Chokaa iko pale kuushika mchanga na kuugeuza mavi ya chuma; haiongezi wala haipunguzi tungamo ya chuma unayoikokotoa. Koki nayo, ikiwa umeambiwa ipo ya kutosha, iache.

4. Geuza hematiti kuwa chuma.

Tungamo ya moli moja ya Fe₂O₃: (2 × 56) + (3 × 16) = 112 + 48 = gramu 160.
Tungamo ya moli mbili za Fe: 2 × 56 = gramu 112.

Kwa hiyo kila gramu 160 za hematiti zina gramu 112 za chuma. Uwiano hauulizi kama ni gramu au tani: kila tani 160 zina tani 112.

21 × 112/160 = tani 14.7 za chuma.

Kumbuka kwamba 112/160 ni 0.7 kamili. Hematiti safi ni asilimia 70 chuma. Namba hii itakusaidia sana kwenye kukagua.

Wapo wanaopenda kupita njia ya moli, na mwalimu wa shuleni anaweza kuitaka. Ni sawa: tani 21 ni gramu 21,000,000, gawanya kwa 160 upate moli 131,250 za Fe₂O₃, zidisha kwa 2 upate moli 262,500 za Fe, zidisha kwa 56 upate gramu 14,700,000, ambazo ni tani 14.7. Jibu ni lile lile, ila umebeba sifuri nyingi njiani, na sifuri moja ikidondoka jibu lote limekwenda. Kama hujalazimishwa, baki na tani.

5. Sasa leta tanuru.

Tani 14.7 ndicho chuma kilichomo ndani ya hematiti. Tanuru linatoa asilimia 90 ya hicho.

14.7 × 90/100 = tani 13.23.

Hapa ndipo lile swali la barazani linapojibiwa. Unazidisha kwa sababu unatoka kwenye kilichomo kwenda kwenye kilichopatikana, na kilichopatikana lazima kiwe kidogo zaidi. Mashine haitoi mafuta kuliko yaliyomo kwenye mbegu.

6. Kagua kabla ya kupiga mstari.

Jiulize mambo mawili. Kwanza, namba zinashuka? 25, kisha 21, kisha 14.7, kisha 13.23. Ikipanda popote, rudi hapo hapo. Pili, jibu liko chini ya asilimia 70 ya mbale? Asilimia 70 ya 25 ni 17.5. Hata mbale ingekuwa hematiti tupu na tanuru lisipoteze hata punje, usingevuka tani 17.5. Ukipata 18 au 20, usitafute sababu ya kulitetea jibu hilo.

Mistari ya mwisho kwenye karatasi iwe hivi:

```
25 t × 0.84 = 21 t Fe2O3
21 t × 112/160 = 14.7 t Fe
14.7 t × 0.90 = 13.23 t Fe
```

Makosa mawili ninayotaka uyaogope

Kosa la kwanza ni kujumlisha au kutoa asilimia. Mwanafunzi mmoja aliniletea daftari akiwa na uhakika kabisa. Alikuwa ameandika: usafi 84, tanuru linapoteza 10, kwa hiyo 84 − 10 = 74. Kisha 25 × 0.74 × 0.7 = 12.95. Nililitazama jibu lile kwa muda, kwa sababu liko karibu mno na 13.23. Mtu anaweza kudhani tofauti ni ya kukadiria desimali. Siyo. Zile 10 ni asilimia 10 ya chuma, na zile 84 ni asilimia 84 ya mbale. Ukitoa moja kwenye nyingine umetoa lita kwenye kilo. Namba zikibadilika, kosa linajitokeza wazi. Chukua usafi wa 50 na ufanisi wa 50: njia yake inatoa 50 − 50 = 0, yaani tanuru halitoi chuma kabisa. Njia sahihi inatoa 25 × 0.5 × 0.7 × 0.5 = tani 4.375.

Kosa la pili ni kuchanganya "asilimia 84 ya hematiti" na "asilimia fulani ya chuma". Hili linawapata hata watu wazima wanaoshughulika na madini, kwa sababu wanaouza na kununua mbale duniani hawataji hematiti, wanataja chuma. Mbale ikiuzwa kama ya asilimia 62, maana yake asilimia 62 ya uzito wake ni Fe. Hiyo ni sawa na hematiti ya asilimia 88.6 hivi, kwa kuwa 62 ukigawa kwa 0.7 ndiyo unapata hapo.

Kwa hiyo soma neno linalofuata asilimia. Likiwa hematiti, au Fe₂O₃, unapita hatua ya 4. Likiwa chuma, hatua ya 4 imeshafanywa na aliyeipima mbale, nawe unaruka moja kwa moja kwenye tanuru. Jaribu kwa mbale yetu: usafi wa 84 kwa hematiti ni 84 × 0.7 = 58.8 kwa chuma. Ukiambiwa "tani 25 zenye chuma asilimia 58.8", unafanya 25 × 0.588 × 0.9 na unapata 13.23 ile ile. Ukizidisha tena kwa 0.7, utapata 9.261, na tani karibu 4 za chuma zitakuwa zimepotelea kwenye daftari.

Swali likigeuzwa

Mara nyingi wanakupa chuma wakutake mbale. Hapo ndipo unapogawanya, na unaanzia mwisho kurudi mwanzo: tanuru kwanza, kisha fomula, kisha usafi.

Tuseme inatakiwa tani 1 ya chuma, usafi wa mbale ni 75 na ufanisi ni 80.

1 ÷ 0.80 = tani 1.25 za chuma lazima ziwemo ndani ya hematiti.
1.25 × 160/112 = tani 1.786 za hematiti.
1.786 ÷ 0.75 = tani 2.38 za mbale.

Safari hii namba zinapanda, na ndivyo inavyopaswa. Ili uwe na uhakika, geuza tena: 2.38 × 0.75 × 0.7 × 0.8 inakurudisha kwenye 1, ukiacha punje ya kukadiria.

Wakikupa chuma kilichopatikana na wakataka ufanisi, hesabu chuma kilichomo (hatua ya 2 hadi ya 4) kisha gawanya kilichopatikana kwa kilichomo. Tani 40 za mbale ya usafi wa 90 zina hematiti tani 36, na chuma tani 25.2. Kama zimetoka tani 21.42, ufanisi ni 21.42 ÷ 25.2 = 0.85, yaani asilimia 85. Ukipata zaidi ya 100, umegeuza mgao.

Jibu limegoma? Tafuta lako hapa

Haya ni majibu ninayokutana nayo kwenye swali letu la tani 25, na mahali kosa lilipo.

- 6.615. Ni nusu kamili ya jibu sahihi. Umeisahau ile 2 ya 2Fe. Umetumia 56/160 badala ya 112/160.
- 18.9. Umeruka fomula. Umeichukulia hematiti yote kuwa chuma. Ukaguzi wa 17.5 ungekukamata.
- 15.75. Umeusahau usafi.
- 14.7. Umeishia kwenye chuma kilichomo, hukupita tanuruni.
- 16.33. Umegawanya kwa 0.90. Tazama: ni kikubwa kuliko 14.7 kilichokuwamo.
- 2.52. Umetumia 16 ya uchafu badala ya 84.
- 13.22. Hujakosea. Umetumia 55.85 badala ya 56. Kwenye mtihani tumia walizokupa, ili jibu lifanane na la msahihishaji.

Jibu lako likiwa halimo hapo, angalia fomula uliyoanza nayo. Si kila mbale ya chuma ni hematiti. Ya Liganga, kule Ludewa mkoani Njombe, ambayo wengi wameisikia kwenye habari, ni ya jamii ya magnetiti yenye titani ndani yake. Magnetiti ni Fe₃O₄: tungamo ya moli ni 232, chuma ndani yake ni 168, kwa hiyo uwiano ni 168/232, takriban 0.724. Ukitumia 0.7 kwenye magnetiti utakosea kidogo tu, na kosa dogo ni gumu kuliona kuliko kubwa.

Na kama swali linauliza chuma ghafi kitakachotoka tanuruni badala ya chuma chenyewe, kuna hatua moja zaidi. Kinachotiririka kutoka kwenye tanuru huwa kimechukua kaboni, kwa kawaida kama asilimia 4, pamoja na vitu vingine kidogo. Ukiambiwa chuma ghafi kina Fe asilimia 94.5, zile tani 13.23 ndizo 94.5 ya mzigo wote, kwa hiyo unagawanya: 13.23 ÷ 0.945 = tani 14. Hapa namba inapanda, na ni halali ipande, kwa sababu sasa unapima chuma pamoja na kaboni iliyoingia tanuruni.